Maelezo ya shahidi: umwandike akiongea, umrekodi, au uanze na tarehe?

Mteja ameketi mbele yako na anasema hivi:

"Wakili, mimi nilitolewa kazi kwa ajili ya sufuria. Lakini si sufuria, ni mshahara. Nilikuwa nishamwambia mama kabla ya Idi, mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo, nikamwambia, 'Mama, mwezi wa pili huu.' Akasema ningoje baba arudi. Basi baba akarudi, ile wiki mvua imezidi, na yule askari wa geti akanambia wanatafuta mtu. Nikanyamaza. Asubuhi akaniita, akasema sufuria imepotea, toka. Na uji nilikuwa nishapika, ule wa saa moja, watoto washakunywa. Hata hiyo sufuria nilikuwa nishawahi kuichukua, nikairudisha, kwa ruhusa yake. Tangu nije pale baada ya kura sijamwibia mtu."

Mfano huu nimeutunga, lakini kila aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya msaada wa kisheria Mombasa au Malindi ameusikia kwa sura moja au nyingine. Kesi nzima imo ndani ya dakika moja hiyo. Kazi yako ni kuigeuza iwe maelezo ya shahidi yenye aya zenye nambari na tarehe zinazofuatana, na siku atakaposimama kortini maneno yawe bado ni yake.

Hapa Kenya hilo si pambo. Tangu Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za 2010, hati ya madai hufunguliwa pamoja na maelezo yaliyotiwa sahihi na mashahidi. Siku ya kusikizwa, mara nyingi shahidi huulizwa tu kama maelezo ni yake na kama anataka yawe ndiyo ushahidi wake. Akisema ndiyo, wakili wa upande wa pili anasimama na kuanza kumhoji. Kwa hiyo karatasi hiyo inasema kwa niaba yake karibu yote ambayo angeyasema mwenyewe, na dakika inayofuata anaulizwa juu yake neno kwa neno.

Njia za kufika hapo ninazoziona zikitumika ni tatu. Nimezitumia zote, na kila moja imewahi kuniangusha mahali pake. Nitazipima kwa mambo manne.

La kwanza ni sauti: je, mteja akisomewa atasema "naam, ndivyo nilivyosema"? La pili ni mfuatano: je, matukio yamekaa katika tarehe zake, na tarehe hizo zina kitu cha kuzishikilia? La tatu nitaliita alijuaje: je, kila aya inaonyesha kama jambo aliliona, alilisikia kwa masikio yake, au aliambiwa na mtu? Sheria ya Ushahidi inataka ushahidi wa mdomo utoke kwa aliyeona au aliyesikia mwenyewe, na aya isiyoonyesha tofauti hiyo ndiyo itakayoshambuliwa kwanza. La nne ni muda, wako na wake, pamoja na nauli yake.

## Njia ya kwanza: kumwandika akiongea

Unakaa naye, kompyuta au karatasi mbele yako, na unaandika kwa nafsi ya kwanza huku anasimulia. Ukimaliza unamsomea, anarekebisha, anatia sahihi.

Sauti. Hapa ndipo njia hii inapokuwa na hatari isiyoonekana. Vidole vyako vinajua maneno yako kuliko yake. Anasema "nilitolewa", wewe unaandika "niliachishwa kazi". Anasema "hakuna aliyeniuliza kitu", wewe unaandika "sikupewa nafasi ya kujitetea". Unahisi hujabadilisha lolote.

Nilifanya hivyo miaka ya mwanzo. Nikaandika kwamba mwajiri "alisitisha ajira yangu bila kufuata utaratibu wa haki". Wakili wa upande wa pili alimuuliza shahidi swali moja tu kuhusu aya hiyo: "Utaratibu wa haki ni upi?" Mama yule alinitazama mimi. Alikuwa mkweli kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na sentensi yangu ndiyo iliyomfanya aonekane kama mtu aliyefundishwa. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu, kwa lugha anayoielewa, na amsikilize kabla ya kumfukuza kwa utovu wa nidhamu. Hiyo ni hoja ya kuwekwa kwenye hati ya madai na kwenye hoja za mwisho za wakili. Kwa mdomo wa shahidi hoja hiyo hiyo husema, "Hakuna aliyeniuliza kitu."

Mfuatano. Unategemea unavyomkatiza. Ukimkatiza mapema kudai tarehe, anarudi mwanzo wa hadithi kila mara, na kila akirudi anapunguza kitu. Ninachofanya siku hizi ni kumwacha aongee dakika kumi na tano bila kuandika, isipokuwa maneno matano au sita yaliyonigusa: sufuria, Idi, mvua, askari, uji. Kisha ninamwambia, "Sasa tuanze siku uliyoingia nyumba ile." Mzunguko wa pili huwa umenyooka zaidi, kwa sababu uchungu umeshapata nafasi yake.

Alijuaje. Nzuri, maana yuko mbele yako. Akisema "wanatafuta mtu", unamuuliza papo hapo, "Uliwasikia wao?"

Muda. Kikao kimoja cha saa moja na nusu hadi mbili.

Inamfaa nani. Mteja aliyetoka mbali na hawezi kurudi kesho, na kisa chenye matukio machache yaliyo karibu karibu. Inamfaa pia mwandishi mwenye subira ya kuandika neno asilolipenda kwa sababu si lake.

## Njia ya pili: kurekodi, kunukuu, kisha kupanga

Unamwomba ridhaa, unawasha kinasa sauti cha simu, unamwacha aongee. Baadaye unanukuu kila neno, unalikata simulizi vipande na kuvipanga upya. Ridhaa iandikwe. Mwambie faili litakaa wapi na lini litafutwa.

Sauti. Hakuna njia inayoihifadhi vizuri zaidi. "Mama, mwezi wa pili huu" itabaki ilivyo. Tahadhari ni kwa anayenukuu, maana mkono wake huwa na hamu ya kusahihisha. "Akanambia" ikiwa "akaniambia" hakuna aliyeumia. Lakini "nilitolewa" ikiwa "nilifukuzwa", au "kuichukua" ikiwa "kuiazima", ushahidi umebadilika. Katika kesi ya sufuria iliyopotea, tofauti ya kuchukua na kuazima ndiyo kesi yenyewe.

Mfuatano. Hapa ndipo nukuu kamili inapolipa, kwa sababu Kiswahili kinabeba mfuatano ndani ya kitenzi. Tazama tena maneno ya yule mama. Panapokuwa na *-ka-* matukio yanafuatana: nikamwambia, akasema, akarudi, akanambia, nikanyamaza, akaniita. Huo ni mnyororo, na mara nyingi unaweza kuuamini. Lakini kila anaposema "nilikuwa nisha-", mnyororo umekatika na ameruka nyuma. Ameruka mara tatu: alipomwambia mama, alipopika uji, alipoichukua sufuria. Chukua penseli ya rangi, pigia mstari kila "nilikuwa nisha-", na chora mshale hadi mahali ambapo tukio hilo linastahili kukaa. Maelezo yanayoonekana hayana kichwa wala mkia huwa na miruko mitatu au minne tu ya aina hii. Ukishaiona, kilichobaki kimekwisha kujipanga.

Lugha hiyo hiyo ina mitego yake. "Mwezi wa pili huu" ni Februari, au ni mwezi wa pili bila mshahara? "Akaniita" ni nani, mama au baba? Kiambishi *a-* hakisemi ni mwanamke au mwanamume, na katika mazungumzo ya haraka mtenda hubadilika katikati ya sentensi bila taarifa. "Mama" ni mwajiri, lakini wiki ijayo anaweza kuwa mama yake mzazi. "Uji wa saa moja" ni asubuhi jua limechomoza, na maelezo yakienda kutafsiriwa kwa Kiingereza, asiyekuwa makini ataandika saa ya Kizungu yenye tarakimu hiyo hiyo na kuwaamsha watoto wa watu usiku wa manane.

Alijuaje. Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Rekodi haiulizi maswali. "Niliambiwa" inabaki "niliambiwa", na utalazimika kumwita tena au kumpigia simu.

Muda. Ni njia ghali. Dakika sitini za mazungumzo hunichukua karibu saa nne kuzinukuu, na kupanga bado.

Inamfaa nani. Mzee anayekumbuka kwa kusimulia na hupotea akikatizwa, mtu aliyeumizwa ambaye si haki kumrudisha mara tatu katika jambo lile lile, na mwenye lahaja nzito ambaye maneno yake huyajui yote na unahitaji kuyasikiliza tena ukiwa na mtu wa kwao.

## Njia ya tatu: tarehe kwanza, maneno baadaye

Kabla ya kuandika aya yoyote, mnajaza pamoja jedwali la safu tatu: lini, nini kilitokea, ulijuaje. Likishakamilika, kila mstari unageuka aya.

Mfuatano. Naanza nao hapa kwa sababu ndio nguvu ya njia hii, na kwa sababu ndipo inapoweza kudhuru. Mteja wako anakuheshimu. Ukimuuliza, "Ilikuwa tarehe tatu Mei?" atajibu, "Ndiyo, wakili." Ungemuuliza tarehe kumi na saba, angejibu hivyo hivyo. Usimpe tarehe. Mpe tukio ambalo kila mtu analikumbuka, uulize kabla au baada.

Katika mfano wetu, "baada ya kura" ni baada ya tarehe 9 Agosti 2022. "Kabla ya Idi" ni kabla ya Jumatano tarehe 10 Aprili 2024. Mtoto kurudishwa kwa karo kunatusaidia zaidi, kwa sababu shule zilifungwa mapema Aprili, kwa hiyo mazungumzo yale huenda yalikuwa Machi. Ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake unaonyesha mshahara wa mwisho uliingia tarehe 2 Februari, ambao anasema ni wa Januari. Basi Machi ilikuwa kweli "mwezi wa pili" bila malipo, na fumbo la maneno yale limejifungua lenyewe.

Na ile wiki ya mvua? Muulize, "Watoto siku ile walivaa sare?" Anasema hapana, shule zilikuwa zimeahirishwa kufunguliwa. Mwaka 2024 muhula wa pili ulikuwa uanze tarehe 29 Aprili, mafuriko yakazuia, shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Tayari umeiweka siku ile ndani ya wiki mbili. Anaongeza kwamba ilikuwa Ijumaa, siku ya pili baada ya sikukuu ya Wafanyakazi. Tarehe mosi Mei 2024 ilikuwa Jumatano. Ijumaa ni tarehe tatu. Tarehe hii hukumpa wewe, na wakili wa upande wa pili akimuuliza ameijuaje, atajibu kwa uhakika: kwa mvua, kwa sare na kwa sikukuu.

Palipokosa mshiko, paache wazi. "Siku yenyewe siikumbuki" ni sentensi yenye heshima katika maelezo ya shahidi.

Sauti. Jedwali huikausha. Mtu akijibu vijisanduku huongea kama vijisanduku, na maelezo yake husomeka kama daftari la zamu. Dawa ni kurudi kwenye kila mstari baada ya jedwali kukamilika na kuuliza, "Siku hiyo ilikuwaje?" Ukiona maelezo mazima hayana hata sentensi moja iliyonukuliwa kati ya alama za usemi, ujue hatua hiyo uliiruka.

Alijuaje. Hakuna inayoishinda, maana safu ya tatu haikubali kubaki tupu.

Muda. Vikao viwili vifupi. Kati yake mteja anakwenda kutafuta ujumbe wa simu, risiti ya karo, kadi ya kliniki.

Inamfaa nani. Mgogoro wa miaka mingi, kama shamba la urithi lenye mashahidi wanne, au kesi yenye karatasi nyingi ambazo lazima zikubaliane na mdomo.

## Kile kinachotoka mwishoni

Kwa njia yoyote uliyopita, sehemu ya maelezo ya mama yule ingesomeka karibu hivi:

> 1. Nilianza kazi ya nyumbani kwa mdaiwa mwaka 2022, baada ya kura za Agosti. Siku yenyewe siikumbuki.
>
> 2. Mara ya mwisho kulipwa ni tarehe 2 Februari 2024, mshahara wa Januari. Uliingia kwa M-Pesa.
>
> 3. Machi 2024, kabla ya Idi, mtoto wangu alirudishwa nyumbani kwa karo. Nikamwambia mama mwenye nyumba, "Mama, mwezi wa pili huu." Nilikuwa na maana kwamba ni mwezi wa pili sijalipwa. Akasema ningoje baba arudi.
>
> 4. Katika Ramadhani hiyo hiyo niliichukua sufuria ya mama mwenye nyumba mara moja, kwa ruhusa yake. Nikairudisha kesho yake.
>
> 5. Baba mwenye nyumba alirudi ile wiki mvua ilipozidi, shule zikiwa zimeahirishwa. Wiki hiyo askari wa geti aliniambia wanatafuta mtu. Mimi mwenyewe sikuwasikia mama wala baba wakisema hivyo. Nikanyamaza.
>
> 6. Ijumaa tarehe 3 Mei 2024 nilipika uji wa saa moja asubuhi, watoto wakanywa. Kisha mama mwenye nyumba akaniita jikoni, akasema, "Sufuria imepotea. Toka." Baba alikuwa sebuleni. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Angalia aya ya nne. Ni jambo linaloweza kumdhuru, na kishawishi ni kulifuta, au kulisukuma mwisho kama utetezi. Nimeliweka kwenye tarehe yake. Likikosekana, upande wa pili utalileta wenyewe na litaonekana lilifichwa. Likiwa mahali pake, ni siku moja ya Ramadhani kati ya siku nyingine.

Aya ya tano sikuitoa ingawa maneno ya askari hayathibitishi kwamba mtu mwingine alikuwa akitafutwa. Inaeleza kwa nini alinyamaza, na inasema wazi kwamba aliambiwa tu. Ikiwa jambo hilo lina uzito katika kesi, askari mwenyewe ndiye wa kuandikwa maelezo.

Neno "sijamwibia mtu" limeondoka hapo kwa sababu si tukio la siku yoyote. Linaweza kurudi katika aya ya mwisho, kwa maneno yake hayo hayo.

## Uchague ipi, kwa hali ipi

Kama mteja amekuja na gari la asubuhi kutoka Kinango na lazima arudi jioni, mwandike akiongea, lakini chora lile jedwali la safu tatu kwenye karatasi ya pembeni na ulijaze huku mkiendelea. Nusu saa ya mwisho iwe ya kumsomea, hata kama itabidi aya mbili zibaki fupi.

Kama anaongea kwa uchungu na unaona kila swali linamrudisha nyuma, rekodi kikao kimoja kirefu, kisha panga maswali yako ya "alijuaje" yawe machache na umuulize yote kwa pamoja siku nyingine.

Kama kesi ina miaka na karatasi, anza na tarehe, hata kama mteja ni msimulizi hodari. Msimulizi hodari ndiye anayeweza kukupeleka kurasa nane kabla hujagundua kwamba mwaka 2011 na 2014 amevichanganya.

Lugha ya mahakama nayo ina neno. Chini ya Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, mahakama za mahakimu hutumia Kiingereza au Kiswahili, ilhali Mahakama Kuu ni Kiingereza. Kesi za ajira za wenye mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi zinaweza kusikizwa na mahakimu walioteuliwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo maelezo kama ya mama huyu yanaweza kubaki katika Kiswahili chake. Yakilazimika kwenda kwa Kiingereza, andika kwanza kwa Kiswahili, atie sahihi hayo, kisha yatafsiriwe na mtafsiri awekwe wazi ni nani. Katika hali hiyo nukuu kutoka kwa rekodi ina faida, kwa sababu mtafsiri akikwama kwenye "mwezi wa pili" mnaweza kurudi kusikiliza.

Na kama mteja hasomi, njia yoyote utakayochagua iwe na kikao cha kusomewa kwa sauti, polepole, ukisimama mwisho wa kila aya. Usimuulize, "Ni sawa?" maana atasema ni sawa. Muulize, "Hapa nimekosea wapi?" na unyamaze mpaka ajibu. Mama wa sufuria angenyoosha mkono kwenye aya ya sita: "Hakuniita jikoni. Nilikuwa jikoni tayari. Yeye ndiye aliyekuja." Basi unachukua kalamu na kuirekebisha aya hiyo mbele yake.